Rafiki aligonga mtu na gari ni langu: majeruhi anamdai nani?

*"Jumamosi nilimwazima rafiki yangu gari aende kumwangalia mama yake hospitalini. Nikamwomba akirudi apitie kituo cha basi amchukue mdogo wangu. Kabla hajafika kituoni alimgonga mwendesha baiskeli, na mguu umevunjika mara mbili. Rafiki yangu ana leseni, na gari lina bima ya mtu wa tatu. Sasa ndugu wa majeruhi wananifuata mimi wakisema kadi ya gari ni ya jina langu, hivyo deni ni langu. Wengine wananiambia nisijali, aliyeendesha ndiye mwenye kosa. Nani anasema kweli, na nifanye nini?"*

Ndugu wa majeruhi wana sehemu ya ukweli, na hao wanaokutuliza wana sehemu yao pia. Lakini ukishika upande mmoja tu utaumia. Kwa maelezo uliyoyatoa, kinachoamua zaidi si jina lililo kwenye kadi. Ni ile sentensi yako ya pili, kwamba ulimwomba apitie kituoni. Nitaeleza kwa nini. Hukutaja nchi, kwa hiyo nitafuata sheria iliyotokana na ile ya Uingereza, ambayo ndiyo msingi wa madai ya ajali Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine nyingi, na mbele kidogo nitaonyesha ni wapi mambo yanakwenda tofauti.

Tuanze na kadi. Kumiliki gari peke yake hakumfanyi mtu awajibike kwa uzembe wa aliyekuwa akiliendesha. Kadi inafanya kazi ya ushahidi. Majeruhi akithibitisha kwamba gari ni lako, mahakama huanza kwa kudhani kwamba aliyekuwa kwenye usukani alikuwa pale kwa ruhusa yako na kwa shughuli yako. Mahakama za Uingereza zilisema hivyo tangu 1931 katika kesi ya Barnard dhidi ya Sully, na sababu yake inaeleweka: aliyelala barabarani hana namna ya kujua mlichozungumza wewe na rafiki yako, ila nyinyi mnajua. Lakini dhana hiyo hupinduliwa na ushahidi. Ukieleza kwa uthibitisho kwamba gari liliazimwa kwa safari ya mwazimwaji mwenyewe, safari ambayo wewe hukuwa na haja nayo, mzigo unamrudia dereva. Ukikaa kimya, dhana inabaki palepale na inageuka hukumu. Watu wengi wanalipa madai ambayo hayakuwa yao kwa sababu tu hawakujibu.

Sasa tuje kwenye ruhusa, kwa maana hapa ndipo wengi wanapochanganya. Kumruhusu mtu aendeshe gari lako ni jambo moja, kumtuma aliendeshe ni jambo jingine. Katika kesi ya Hewitt dhidi ya Bonvin, iliyoripotiwa 1940, kijana alichukua gari la baba yake kwa ruhusa kamili, akawapeleka wasichana makwao usiku, ikatokea ajali iliyoua abiria. Baba hakubebeshwa dhima. Ruhusa ilikuwepo, ubaba ulikuwepo, gari lilikuwa lake, lakini safari ilikuwa ya kijana. Mahakama ilitaka kitu cha ziada: dereva awe mtumishi wa mwenye gari aliye kazini, au awe wakala wake, yaani mtu anayetekeleza kazi aliyokabidhiwa na mwenye gari.

Kesi iliyofunga mjadala huu ni Morgans dhidi ya Launchbury, iliyoamuliwa 1972 na majaji wa ngazi ya juu kabisa Uingereza. Gari lilikuwa la mke, lakini mume ndiye aliyelitumia kwenda kazini. Alikuwa amemwahidi mkewe kwamba siku akinywa pombe hataendesha, atamwomba rafiki amrudishe nyumbani. Usiku mmoja alikunywa, akamkabidhi rafiki ufunguo kama alivyoahidi. Badala ya kurudi nyumbani walizunguka, gari likapata ajali mbaya, mume na dereva wakafa, abiria watatu wakaumia. Abiria wakamshtaki mke. Mahakama ya Rufaa ilimtia hatiani kwa hoja kwamba gari lilikuwa la familia na alitaka mume afike salama. Majaji wa juu wakaifuta hukumu hiyo. Walisema kwamba kutamani mtu afike salama hakumfanyi dereva kuwa wakala wako. Lazima uwe umemwomba au umemwagiza, naye awe anaendesha kutekeleza ombi hilo.

Ukisikia hapo unaweza kupumua, lakini usiharakishe. Neno "ombi" ndilo linalokugusa. Kazi inaweza kuwa ndogo, isiyo na malipo, ya kirafiki kabisa, na bado ikamfanya rafiki kuwa wakala wako. Mwaka 1953 ilisikilizwa kesi ya Ormrod dhidi ya Crosville. Mwenye gari alimwomba rafiki amletee gari lake Monte Carlo, ambako yeye alikuwa anashiriki mashindano ya magari, kisha wote waende likizo kwa gari hilo. Rafiki naye alikuwa na lake: alipanga kupitia kwa marafiki zake njiani. Hakufika mbali, akagongana na basi. Mwenye gari alidai kwamba rafiki alikuwa kwenye matembezi yake mwenyewe. Mahakama ya Rufaa ilikataa. Kanuni iliyotoka hapo ni hii: gari likitumika kwa shughuli ya mwenye gari, iwe kwa ukamilifu au kwa sehemu tu, yeye anabeba uzembe wa dereva. Anaachiliwa pale tu gari linapoazimwa kwa shughuli ambayo yeye hana haja nayo yoyote.

Sasa tuipitie Jumamosi yako kwa kipimo hicho. Safari ilikuwa na madhumuni mawili. Kwenda hospitali kulikuwa kwa rafiki yako peke yake. Kumchukua mdogo wako kulikuwa kwako, kwa ombi lako la wazi. Ajali ingetokea wakati wa kwenda, ungekuwa na hoja yenye nguvu kwamba kazi yako ilikuwa haijaanza, ingawa wakili wa majeruhi angejibu kwamba ulimpa gari kwa safari moja yenye pande mbili, na Ormrod ingemsaidia. Lakini ilitokea wakati wa kurudi, akiwa njiani kuelekea kituoni. Pale alikuwa anaendesha kwa ajili yako. Maoni yangu, nikiwa mkweli kwako, ni kwamba mahakama ina uwezekano mkubwa wa kukuona kuwa unawajibika pamoja naye, ikiwa itathibitika kwanza kwamba rafiki yako alizembea. Usilipuuze hilo la mwisho. Kugonga hakutoshi. Kama baiskeli iliingia barabarani ghafla bila taa usiku, huenda hakuna uzembe, au lawama zikagawanywa na fidia ikapunguzwa kwa kiasi hicho.

Mambo mawili yangeweza kubadilisha jibu. La kwanza ni uzito wa ombi lenyewe. "Mpitie mdogo wangu saa kumi" ni kazi uliyomkabidhi. "Ukimwona njiani unaweza kumpa lifti" ni kumwachia hiari, na hilo liko karibu zaidi na ile kesi ya mke. La pili ni njia aliyokuwa anapita. Kama ajali ilitokea upande usioelekea kituoni, kwa mfano alikuwa amekwenda kwanza kufanya biashara yake mji mwingine, ipo hoja kwamba alitoka kwenye kazi yako. Kuzunguka kidogo tu, kama kupitia kituo cha mafuta, hakutoshi kumtoa.

Ukiwajibika pamoja na dereva, maana yake ni kwamba majeruhi anaweza kudai fidia yote kwa mmoja wenu, kisha nyinyi mkadaiana wenyewe kwa wenyewe. Kwa kawaida atamfuata yule anayeonekana ana bima au mali. Kisheria una haki ya kumgeukia rafiki yako akurudishie, kwa sababu uzembe ulikuwa wake. Ila haki hiyo ina thamani ya mfuko wake tu.

Hapo ndipo bima inapoingia, na nadhani ndiyo sehemu ya barua yako inayokupa nafuu zaidi. Bima ya mtu wa tatu ipo kwa ajili ya mwendesha baiskeli huyu hasa. Kama rafiki yako anaingia ndani ya masharti ya bima, kampuni ndiyo italipa, iwe mahakama imemtia hatiani yeye peke yake au nyote wawili, hadi kiwango kilichowekwa na sheria au mkataba. Kwa hiyo kabla ya kubishana na ndugu wa majeruhi kuhusu nani mwenye kosa, fungua hati ya bima. Usiangalie stika ya kioo, angalia hati yenyewe na cheti, kwenye kipengele cha watu wanaoruhusiwa kuendesha. Mara nyingi kimeandikwa kwamba anaruhusiwa mwenye bima na mtu yeyote anayeendesha kwa ruhusa yake, mradi ana leseni halali ya aina hiyo ya gari. Hapo uko salama. Lakini zipo bima zinazotaja majina ya madereva, zinazoweka umri wa chini au miaka ya uzoefu, au zinazokataza kubeba abiria na mizigo kwa malipo. Hiki cha mwisho huwakamata watu bila kutarajia: rafiki akichukua abiria wawili njiani wakamchangia nauli, gari linahesabika limetumika kwa biashara.

Angalia pia tarehe ya leseni yake na daraja lake. Leseni iliyoisha wiki iliyopita ni leseni ambayo mkaguzi wa bima ataiona siku ya kwanza.

Kama ikibainika hakuwa ndani ya bima, unaingia kwenye hatari nyingine ambayo hao wanaokuambia "aliyeendesha ndiye mwenye kosa" hawaijui. Sheria inayolazimisha bima haimkatazi tu mtu kuendesha bila bima. Inamkataza pia mwenye gari kumruhusu mwingine aendeshe bila bima. Katika kesi ya Monk dhidi ya Warbey, iliyoripotiwa 1935, mwenye gari alimwazima rafiki, na rafiki akampa mtu mwingine usukani. Bima haikumhusu yeyote kati yao. Dereva alimjeruhi mtu na hakuwa na fedha za kumlipa. Mahakama ilimwamuru mwenye gari alipe fidia, ingawa hakuwepo, hakumtuma mtu, na wala si yeye aliyezembea barabarani. Kosa lake lilikuwa kuliachia gari bila bima, na kosa hilo ndilo lililomfanya majeruhi akose wa kumlipa. Na kuamini kwa moyo safi kwamba bima inamhusu rafiki yako si utetezi.

Kwa hiyo kuna milango miwili tofauti ya kukufikia: ulimtuma, au ulimwachia gari lisilo na bima kwake. Upo wa tatu, ambao hauonekani kukuhusu lakini uuchunguze: uzembe wako mwenyewe wakati wa kukabidhi. Ukimpa ufunguo mtu unayemwona amelewa, au unayejua hana leseni, au ukampa gari huku unajua breki zinavuja na hukumwambia, unashtakiwa kwa kosa lako, si kwa lake. Kama gari lilikuwa na hitilafu uliyoijua, mwambie wakili wako mapema. Fundi wa polisi atakagua gari, na ni bora wakili asilisikie kwa mara ya kwanza mahakamani.

Nimeahidi kutaja nchi zinazokwenda tofauti. Yapo maeneo ambako swali la "safari ilikuwa ya nani" halina uzito kabisa. Ujerumani mwenye kulimiliki na kulitumia gari huwajibika kwa mtu aliyejeruhiwa hata bila kuthibitishwa uzembe, na hawezi kujitetea kwamba aliyeendesha ni mwingine ikiwa yeye ndiye aliyempa gari. Italia mmiliki huwajibika pamoja na dereva mpaka athibitishe kwamba gari lilitumika kinyume cha mapenzi yake. Jimbo la New York, Marekani, ruhusa peke yake inatosha kumfunga mwenye gari, na Florida imeshikilia kanuni inayofanana tangu 1920. Ukiwa huko, ndugu wa majeruhi wangekuwa sahihi tangu sentensi ya kwanza. Ndiyo maana ushauri wa jamaa aliye nchi nyingine, hata akiwa mwanasheria, unaweza kukupoteza.

Sasa hatua zenyewe. Iarifu kampuni ya bima leo, kwa maandishi, hata kama rafiki yako amesema ataliweka sawa. Karibu kila mkataba unataka taarifa mara moja au ndani ya siku chache, na kuchelewa kunawapa sababu ya kukudai warudishiwe walichomlipa majeruhi. Andika tarehe, saa, mahali, jina la dereva, namba ya leseni yake, kituo cha polisi na namba ya taarifa. Eleza ukweli wote, pamoja na lile ombi la kumchukua mdogo wako. Najua kuna kishawishi cha kuliacha nje, kwa kuwa nimekuambia ndilo linalokufunga. Usiliache. Kama bima inamhusu rafiki yako, ombi hilo halikugharimu chochote kwa kampuni. Ukilificha kisha ujumbe wa simu ukalitoa, umewapa sababu ya kukukana. Kwa sababu hiyohiyo, kataa kabisa pendekezo la kwamba useme wewe ndiye uliyekuwa unaendesha. Linatolewa mara nyingi, hasa dereva anapokuwa na shida ya leseni, na linageuza ajali kuwa jinai.

Hifadhi mazungumzo yenu ya simu jinsi yalivyo, bila kufuta kitu. Piga picha ya leseni yake pande zote mbili. Mwombe aandike maelezo yake mwenyewe sasa, wakati kumbukumbu ni mbichi: alitoka wapi saa ngapi, alipita njia gani, baiskeli ilikuwa upande gani, alipiga breki wapi. Usimwandikie wewe.

Kwa ndugu wa majeruhi, nenda, mwone mgonjwa, uwape pole. Hakuna sheria inayokukataza utu. Usichopaswa kufanya ni kusema au kuandika kwamba "nitalipa gharama zote" au "kosa ni letu", wala kusaini karatasi yoyote ya makubaliano. Mikataba ya bima kwa kawaida inakukataza kukiri dhima au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Wape badala yake kitu chenye manufaa zaidi kwao kuliko ahadi: jina la kampuni ya bima, namba ya hati na namba ya taarifa ya polisi. Waambie watunze kila risiti ya hospitali na picha za eksirei, kwa maana fidia ya matibabu hulipwa kwa uthibitisho. Ukiamua kuchangia dawa kwa hiari yako, ongea na kampuni kwanza, kisha mwandikiane kwamba ni msaada usio na maana ya kukiri dhima, na kwamba kiasi hicho kitahesabiwa ikiwa fidia italipwa baadaye.

Gari lako lenyewe ni jambo la pembeni, nalitaja kwa ufupi. Bima ya mtu wa tatu haitengenezi gari lako. Aliyeazimwa kitu anapaswa kukitunza, kwa hiyo gharama ya matengenezo ni kati yako na rafiki yako, na msichanganye hesabu hiyo na ya majeruhi.

Kuna wakati wa kuacha kusoma majibu kama haya na kukaa mbele ya wakili akiwa na karatasi zako mkononi. Wakati huo ni siku utakayopokea hati ya mashtaka au samansi. Siku za kujibu ni chache na zimeandikwa kwenye hati yenyewe. Zikipita, mdai anaweza kuomba hukumu bila wewe kusikilizwa. Peleka nakala kwa kampuni ya bima siku hiyohiyo, upate mhuri wa kupokelewa, kwa sababu sheria nyingi za bima zinataka kampuni ijulishwe kesi ndani ya muda mfupi baada ya kufunguliwa. Uingereza ni siku 7. Wakili wa majeruhi ndiye anayebanwa na sharti hilo, lakini akikosea na kampuni ikaponyoka, atakayebaki kufuatwa kwa malipo ni wewe na rafiki yako.

Mwone pia wakili wako mwenyewe, si yule wa kampuni peke yake, kama kampuni imekataa madai au imekuandikia kwamba inashughulikia "bila kuathiri haki zake", yaani bado inaweza kukataa kulipa baadaye, kama jeraha ni kubwa kiasi kwamba fidia inaweza kupita kiwango cha bima, au kama wewe na rafiki yako mmeanza kutofautiana kuhusu alikuwa anakwenda wapi. Katika hali hiyo ya mwisho wakili mmoja hawezi kuwatetea wote wawili, kwa sababu utetezi wako na wake vinavutana. Mfupa uliovunjika mara mbili unaweza kuhitaji upasuaji wa pili miezi kadhaa baadaye, hivyo usikubali wala usishinikize malipo ya kumaliza shauri kabla daktari hajaandika ripoti ya mwisho ya hali ya mguu.